Wastani wa Wiki Unasema Nini Kuhusu Siku Moja ya Protini Kidogo

Watu wanaonyanyua vyuma katika jimu za Dar es Salaam wamezoea kuhesabu protini kwa siku, na programu za simu wanazotumia zimewajengea mazoea hayo, kwa sababu siku ikiisha kabla ya lengo kutimia, mstari wa siku hiyo hubaki mfupi au hugeuka mwekundu. Siku hizi baadhi ya programu hizo huonyesha pia wastani wa siku 7, na namba hiyo ya pili imezua ubishi kati ya makocha na wanaowafundisha. Wapo wanaosema wastani ni njia ya kujifariji, kwamba siku iliyopotea imepotea na misuli imekwisha kuliwa. Wapo pia walioupokea kama ruhusa ya kula ovyo siku 5 na kufidia kwa nyama choma mwisho wa wiki. Naona pande zote mbili zimeielewa vibaya namba hiyo. Kwa mtu mzima mwenye afya anayekula chakula cha kutosha, siku moja ya protini kidogo haileti badiliko la kuhesabika katika misuli yake, na wastani wa wiki ndio kipimo sahihi cha ulaji wake. Lakini wastani huo ni wa kuaminika pale tu siku za chini zinapokuwa chache na zimeachana, kwa kuwa mwili una njia ya kulipa deni la siku moja au mbili, na njia hiyo hupungua nguvu deni linapolimbikizwa siku nyingi mfululizo.

Ubishi huu ungepungua sana kama watu wangejua malengo haya yametoka wapi. Ripoti ya mwaka 2007 ya Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliweka mahitaji ya kati ya mtu mzima kuwa gramu 0.66 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kiwango salama, yaani kinachotosha karibu watu wazima wote wenye afya, kuwa gramu 0.83. Kwa wanaonyanyua vyuma, namba inayotajwa zaidi ni gramu 1.6 kwa kilo, na chanzo chake kikubwa ni uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo, uliokusanya majaribio 49. Katika majaribio ya aina hiyo hakuna anayefungiwa ndani akalishwa gramu zile zile kila siku kwa miezi mitatu. Kwa kawaida washiriki huandika walichokula kwa siku chache, watafiti hujumlisha na kugawanya, na wastani unaopatikana ndio unaoitwa ulaji wao wa siku. Kwa hiyo namba ambayo watu wanaitumia kuuhukumu wastani yenyewe ni wastani. Maneno “kwa siku” hapo yanaeleza kasi ya ulaji, kama ambavyo mshahara unaweza kutajwa kwa mwezi bila kumaanisha kwamba matumizi ya kila Jumanne lazima yalingane na ya kila Jumatano. Uchambuzi huo huo ulionyesha kwamba namba halisi inaweza kuwa popote kati ya gramu 1.03 na 2.20 kwa kilo. Lengo lenye upana wa namna hiyo haliwezi kuvunjwa kwa pungufu ya gramu 10 saa tano usiku.

Hata hivyo, chanzo cha namba peke yake hakitoshi kumaliza hoja, kwa sababu anayetetea hesabu ya kila siku anaweza kusema, na ana haki ya kusema, kwamba mwili hauna ghala la protini. Mafuta yana ghala lake chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumbo, na wanga una akiba yake ndogo kwenye ini na misuli, lakini protini haina mahali pa kukaa ikisubiri kazi. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inasimulia nusu tu ya jambo. Mtu wa kilo 70 ana takriban kilo 10 hadi 11 za protini mwilini, na kila siku kiasi cha gramu 250 hadi 300 za protini hiyo huvunjwa na kujengwa upya, kuanzia utando wa utumbo na vimeng’enya vya ini hadi nyuzi za misuli. Sehemu kubwa ya asidi amino zinazojenga protini mpya hutoka kwenye protini ya zamani iliyovunjwa, wala haitoki kwenye sahani ya siku ile. Chakula kinaingia kuziba pengo la kile kilichounguzwa kuwa nishati na kile kilichotoka kama yurea kwenye mkojo. Ndiyo maana swali la kuuliza kuhusu siku ya chini ni je, pengo hilo lilipanuka kiasi gani, na je, linazibika baadaye.

Jibu lake limekuwa likijulikana tangu karne iliyopita, kutokana na vipimo vya naitrojeni, kiungo cha protini kinachoingia kwa chakula na kutoka kwa mkojo. Mtu aliyezoea protini nyingi akipunguza ghafla, ini lake haliachi kuunguza asidi amino siku hiyo hiyo. Linaendelea kwa kasi karibu na ile ya jana, kisha linapunguza polepole, na huchukua siku kadhaa hadi kama wiki moja kufikia uwiano mpya. Katika kipindi hicho cha kuchelewa mwili hupoteza kiasi kidogo cha protini, na sehemu ya mwanzo hutoka zaidi kwenye ini na utumbo, ambako protini hubadilika haraka. Nakiri kwamba hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa hesabu ya kila siku, na ina jambo linalowashangaza wengi: anayekula protini nyingi kila siku hupoteza zaidi katika siku ya kwanza ya upungufu kuliko aliyezoea kidogo, kwa kuwa kasi yake ya kuunguza ilikuwa juu. Lakini kuchelewa huko hufanya kazi pande zote mbili. Chakula cha kawaida kinaporudi kesho yake, kasi ya kuunguza iliyokuwa imeshaanza kushuka huchelewa kupanda, na mwili hubakiza naitrojeni nyingi kuliko kawaida mpaka uwiano urudi. Kilichotoka Alhamisi hurudishwa Ijumaa na Jumamosi. Hapo ndipo wastani unapopata uhalali wake wa kibaolojia: unafuata mwenendo ambao mwili wenyewe unaufuata.

Tuchukue mfano na tuuhesabu wote. Fundi simu wa Kariakoo ana kilo 70, ananyanyua vyuma mara 4 kwa wiki huko Sinza, na lengo lake ni gramu 112, yaani 1.6 kwa kilo. Siku ya kawaida huanza na supu ya ng’ombe yenye nyama kama gramu 100 na chapati 2, ambazo kwa pamoja humpa gramu 38. Mchana hula ugali wa unga gramu 200, wenye protini gramu 16, na dagaa wakavu gramu 30, wenye gramu 18. Alasiri hunywa mtindi kikombe kimoja, gramu 8, na usiku hula mayai 3, gramu 18, na wali maharage, gramu 20. Jumla ni gramu 118, na hakuna unga wa protini wa kopo uliohitajika. Alhamisi anapanda basi kwenda msibani Tanga. Asubuhi anapata chai ya maziwa na maandazi 2, gramu 13 kwa pamoja. Njiani ananunua karanga gramu 50, zenye gramu 12. Usiku anakula wali, gramu 8, na maharage kidogo, gramu 13. Jumla ya siku ni 46.

Wiki yake nzima inasomeka hivi: Jumatatu 118, Jumanne 109, Jumatano 121, Alhamisi 46, Ijumaa 115, Jumamosi 124, Jumapili 110. Jumla ni gramu 743 na wastani ni 106, sawa na gramu 1.52 kwa kilo. Alhamisi ikitazamwa peke yake ni asilimia 41 tu ya lengo, na mstari wake kwenye simu unatisha. Lakini wiki kwa ujumla imefikia asilimia 95, na tofauti kati ya gramu 1.52 na 1.6 kwa kilo imo ndani kabisa ya upana wa ile namba ya utafiti. Isitoshe, gramu 46 kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 0.66 kwa kilo, kiasi kile kile kilichotajwa kuwa mahitaji ya kati ya mtu mzima. Siku yake mbaya kuliko zote ingekuwa siku ya kawaida kwa watu wengi wasiofanya mazoezi. Tena tukumbuke ukubwa wa kile anachokitafuta. Tuseme ni hodari kiasi cha kuongeza kilo 1 ya misuli kwa mwezi, jambo gumu kwa mtu aliyekwisha zoea vyuma. Misuli ni protini kwa kama asilimia 20 tu, iliyobaki ni maji kwa sehemu kubwa. Hiyo ni gramu 200 kwa mwezi, au karibu gramu 7 kwa siku zinazobaki mwilini kati ya gramu 100 na zaidi zinazoliwa. Kazi yote iliyobaki ni ya kuziba mapengo ya kila siku, na mapengo hayo, kama tulivyoona, hufungwa kwa kuchelewa.

Kwa hiyo hoja dhaifu kuliko zote katika ubishi huu ni ile isemayo kwamba siku ikiisha bila lengo, mwili umeanza kula misuli usiku ule ule. Kwanza, mwili huvunja misuli kila siku na huijenga kila siku, hata kwa anayekula gramu 200. Usiku wa kawaida kati ya chakula cha jioni na cha asubuhi huwa na upungufu, na mchana huufidia. Pili, saa sita ya usiku ni mpaka wa programu ya simu, na mwili haujui habari zake. Jaribio lililofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2023 liliwapa vijana wa kiume gramu 100 za protini ya maziwa kwa mkupuo mmoja baada ya mazoezi, na misuli yao iliendelea kuzitumia kwa zaidi ya saa 12, muda mrefu kuliko waliopewa gramu 25. Anayekula mlo mkubwa saa tatu usiku bado anautumia alfajiri, wakati simu imeshafungua ukurasa mpya unaoanza na sifuri. Jambo hili linaonekana waziwazi mwezi wa Ramadhani. Mtu anayefuturu saa kumi na mbili na nusu jioni, akala tena saa tano usiku, kisha akala daku saa kumi na nusu usiku, atakuta daku ya usiku ule imeandikwa chini ya tarehe ya kesho. Akila daku nzito leo na nyepesi kesho, simu itamwonyesha siku moja imezidi na nyingine imepungua, ilhali mfungo wake ulikwenda sawasawa. Wastani wa wiki unaondoa kasoro hiyo bila mtu kufanya lolote.

Sasa tuugeukie upande wa pili, ambao makosa yake siyaoni kuwa madogo. Tuchukue mtu mwingine wa kilo 70, naye ana wastani wa gramu 106. Lakini wiki yake ni gramu 60 kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kisha 220 Jumamosi na 223 Jumapili. Jumla ni 743, sawasawa na ya fundi wetu, na ukurasa wa wastani kwenye simu zao hauwezi kuwatofautisha. Miili yao inatofautiana. Huyu wa pili amekaa siku 5 mfululizo kwenye gramu 0.86 kwa kilo, kiwango kinachomtosha mtu asiyefanya mazoezi. Kwa muda huo ini lake limekwisha karibia uwiano wa chini, na mazoezi ya Jumatatu hadi Ijumaa yamefanyika wakati malighafi ni kidogo. Zoezi zito huiacha misuli ikiwa tayari kujenga kwa saa 24 hadi 48. Zoezi la Jumanne halisubiri nyama ya Jumamosi. Na Jumamosi inapofika, gramu 220 ni zaidi ya gramu 3 kwa kilo: mwili utabakiza sehemu yake, lakini kadiri kasi ya kuunguza inavyopanda, sehemu kubwa ya ziada hugeuka yurea na nishati. Gramu 50 zilizokosekana Jumanne na gramu 50 zilizozidi Jumapili zinafutana kwenye karatasi ya hesabu tu.

Sisemi kwamba mtu huyu atakonda au atadhoofika. Gramu 0.86 kwa kilo si njaa, na mwanzoni mwa mafunzo hata mwenye ulaji huo huongeza nguvu. Ninachosema ni kwamba wastani wake unampa sifa ya ulaji ambao hana. Ndiyo maana napendekeza namba mbili zisomwe pamoja. Ya kwanza ni wastani wa siku 7. Ya pili ni idadi ya siku zilizoshuka chini ya kiwango salama cha gramu 0.83 kwa kilo, ambacho kwa kilo 70 ni gramu 58, au zilizoning’inia juu yake kidogo tu, pamoja na kuangalia kama siku hizo zinafuatana. Fundi wetu ana siku 1, imezungukwa na siku nzuri pande zote mbili, na hana la kurekebisha. Mwenzake ana siku 5 mfululizo zinazogusa kiwango hicho, na la kurekebisha liko kwenye kifungua kinywa chake na chakula cha mchana cha siku za kazi, ambako kuongeza mayai 2 na dagaa gramu 30 humpandisha kwa gramu 30 kila siku.

Kuna hoja moja ya wanaohesabu kwa siku ambayo naiheshimu, nayo inahusu tabia. Kocha mmoja wa Kinondoni aliniambia kwamba akimpa mtu lengo la wiki, mtu huyo huahirisha: Jumatatu anasema atafidia Jumatano, Jumatano anasema Ijumaa, na mwisho wa wiki anakuwa na deni lisilolipika. Nakubaliana naye kwamba lengo la siku ni chombo kizuri cha kupanga, kwa kuwa watu hununua na kupika kwa siku. Lakini chombo cha kupangia kikigeuzwa kuwa cha kuhukumia, kinazaa tabia nyingine mbaya. Mtu anafika nyumbani Tabata saa nne usiku akiwa na pungufu ya gramu 66, na ili kuzifikia anatakiwa ale mayai 11, au anunue unga wa protini kwa bei ambayo ingemlisha dagaa na maharage siku kadhaa. Analala tumbo limejaa, asubuhi anaruka kifungua kinywa kwa sababu hana njaa, na siku mpya inaanza na pungufu nyingine. Fundi wetu akirudi kwenye ulaji wake wa kawaida Ijumaa, hana cha kufidia kwa makusudi. Akitaka sana kuongeza, yai moja au kipande cha kibua kwa siku mbili zinazofuata kinatosha.

Wastani una udhaifu mwingine ambao hautokani na mwili, unatokana na uandikaji, na kwa maoni yangu ndio unaopotosha watu wengi zaidi kuliko siku za chini zenyewe. Makosa ya siku moja moja, ya kukadiria kipande cha nyama kuwa kikubwa leo na kidogo kesho, hufutana kwa sehemu katika siku 7, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuamini wastani kuliko siku. Lakini kosa linalorudiwa kila siku kwa upande mmoja halifutiki hata ukipima mwaka mzima. Mfano mkubwa kwetu ni maharage. Gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 22, lakini yakichemshwa hunywa maji na uzito wake hupanda zaidi ya mara mbili, kwa hiyo gramu 100 za maharage yaliyoiva zina gramu 8 au 9 tu. Anayepima maharage ya sahani, gramu 200, kisha akachagua kwenye simu maharage makavu, anaandikiwa gramu 44 wakati amekula 17. Akifanya hivyo siku 5 kwa wiki, wastani wake umepanda kwa gramu 19 ambazo hazipo. Kwa dagaa kosa hugeuka: dagaa wakavu wana kama gramu 60 katika kila gramu 100, samaki mbichi ana kama gramu 20, na anayeandika dagaa wake kama samaki mbichi anajipunguzia theluthi mbili. Kwa vyakula vyetu, majedwali ya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, yaliyotayarishwa kwa ushirikiano wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko orodha za programu zinazojazwa na yeyote.

Kosa lingine ni la siku isiyoandikwa. Turudi kwa fundi wetu na tuseme kwamba Alhamisi, kwa sababu ya safari na msiba, hakuandika kitu. Zipo programu zinazogawanya kwa siku zilizoandikwa tu: gramu 697 kwa siku 6, wastani 116, na inaonekana amevuka lengo. Zipo zinazohesabu siku tupu kuwa sifuri: gramu 697 kwa siku 7, wastani 100 kasoro kidogo, na inaonekana hali ni mbaya kuliko ilivyo. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo mawili linalotoa ukweli, 106. Na kwa kuwa siku ambazo watu hawaandiki ndizo siku za harusi, safari, misiba na uchovu, programu za aina ya kwanza huwapamba watu karibu kila wiki. Makadirio ya haraka ya siku iliyosahauliwa, hata yakikosea kwa gramu 15, yanaharibu wastani kwa gramu 2 tu, kwa hiyo ni bora kuandika makadirio kuliko kuacha wazi. Pia ni vizuri kujua kwamba wastani unaohesabiwa kwa siku 7 zilizopita huibeba siku ya chini wiki nzima kisha kuitupa. Alhamisi inayofuata, siku ya 46 inapotoka na siku ya 112 kuingia, namba ya fundi itapanda kwa zaidi ya gramu 9 bila yeye kubadilisha chochote.

Yote niliyoyasema yanamhusu mtu mzima mwenye afya anayekula nishati ya kutosha, na sharti hilo lina uzito. Wanga na mafuta huikinga protini isiunguzwe. Siku ya gramu 46 yenye wali, maandazi na karanga si sawa na siku ya gramu 46 ya mtu aliyeshindwa kula kwa homa. Malaria au homa ya matumbo huongeza uvunjaji wa protini, huondoa hamu ya chakula, na ni mara chache huleta siku moja tu ya chini. Huleta 4 au 5 zinazofuatana, na hapo kuutazama wastani wa wiki ni kujificha. Anayepunguza uzito kwa kula nishati kidogo naye ana nafasi ndogo ya kukosea, kwa kuwa kila siku yake tayari iko kwenye upungufu. Wazee wanahitaji kiwango cha juu zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa mujibu wa mapendekezo ya wataalamu ya mwaka 2013, na misuli yao huitikia chakula kwa uvivu. Bibi anayeishi kwa chai na mkate siku 3 akingojea mwanawe alete kuku Jumapili hatakiwi kupimwa kwa wastani. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa aliyelazwa hawamo kabisa katika hoja hii. Kwa mgonjwa wa figo ambaye bado hajaanza kusafishwa damu, hatari inaweza kuwa upande wa pili: siku iliyozidi ndiyo ya kuangaliwa, na wastani mzuri unaweza kuificha, hivyo kipimo chake kinapangwa na daktari na mtaalamu wake wa lishe.

Kwa makocha wetu, maana ya haya ni kwamba maswali wanayowauliza wanafunzi wao yabadilike. Badala ya kuuliza “Jana ulifikisha?”, kocha anaweza kuomba kuona siku 14, ahesabu ngapi zimekaa chini ya kiwango salama au karibu nacho, aangalie kama zinafuatana, kisha aulize zilikuwa siku za namna gani. Siku za chini zikiangukia safari na misiba, aziache. Zikiwa ni siku za kazi, zote zikifanana, zenye chai na andazi asubuhi na chipsi mchana, basi mwanafunzi hana tatizo la siku ya chini, ana tatizo la ratiba, na dawa yake ni kubadilisha mlo mmoja wa kila siku. Kabla ya kuamua lolote kati ya hayo mawili, amwombe aonyeshe jinsi alivyoyaandika maharage.